Mama mkwe, kibanio na masikio ya mjukuu

*Shikamoo dada,*

*Naishi Majengo, Moshi. Mume wangu ni dereva wa lori, wiki mbili yupo, tatu hayupo. Tangu Februari mama mkwe ameshuka kutoka Machame anaishi nasi, na kusema kweli ananisaidia sana na mtoto wetu wa kiume wa miaka minne. Tatizo ni Jumamosi. Mtoto akishaoga, bibi anakaa kwenye kigoda uani, anamlaza kichwa mapajani, anachukua kibanio cha nywele, anakizungushia pamba na kumchokonoa masikio mpaka pamba itoke nyeupe. Mimi huingia jikoni nisione.*

*Jumamosi iliyopita kuku alipita mbio, mtoto akageuza kichwa. Alipiga kelele na pamba ikatoka na damu. Bibi akasema ni uchafu wa zamani umeng'oka. Sasa mwalimu wa chekechea ananiambia mtoto akiitwa kwa nyuma hageuki. Mume wangu kwenye simu anasema mama amelea watoto sita na wote wanasikia.*

*Juu ya hayo, mama mwenyewe sikio la kulia limeziba tangu Alhamisi alipoosha nywele. Anataka ninunue bomba la sindano nimpigie maji ya moto humo ndani, kama alivyofanyiwa jirani. Ana sukari, anameza vidonge. Nikikataa ataona namdharau, nikikubali naogopa. Na nikimwambia aache kumchokonoa mtoto nitaonekana mchafu, maana alishasema mbele ya wageni kwamba mjukuu wake "ana masikio ya asali". Nifanyeje?*

*Mkwe, Moshi*

Marahaba mdogo wangu. Nimefanya uuguzi miaka mingi, sehemu kubwa yake kwenye chumba cha masikio, pua na koo, kwa hiyo barua yako nimeisoma mara mbili: kwanza kama mwanamke aliyewahi kuishi na mama mkwe, halafu kama nesi. Acha nesi aanze, kwa sababu yeye ana mambo ya wiki hii. Ya mama mkwe yanaweza kungoja chai ichemke.

Damu peke yake isikutie hofu kupita kiasi. Ndani ya tundu la sikio ngozi ni nyembamba mno na imelala moja kwa moja juu ya mfupa, haina mnofu wa kuikinga. Ukiikwaruza kidogo tu inavuja damu, na mara nyingi ukiiacha inapona yenyewe baada ya siku chache. Kilichonifanya nikae wima ni maneno ya mwalimu. Damu Jumamosi, halafu mtoto hageuki akiitwa: hapo sikio linatakiwa kutazamwa kwa otoskopu, kile kitochi chenye mdomo mwembamba ambacho hata kituo cha afya cha kawaida kinaweza kuwa nacho. Mpaka atazamwe, usimtie kitu chochote sikioni, si mafuta, si maji, si matone ya duka la dawa. Akioga, weka kipande cha pamba kilichopakwa vaselini mlangoni mwa sikio, nje kabisa, maji yasiingie. Ukiona usaha au majimaji yanatoka, homa, kutapika, au anayumba akitembea, usingoje, mpeleke siku hiyohiyo.

Ila nakuomba usimhukumu bibi kabla ya huyo daktari kutazama. Huenda kibanio kimetoboa ngoma. Huenda kimeishindilia nta hadi ikawa kizibo. Na huenda hakihusiki kabisa na kutosikia kwake: watoto wa umri huu mafua yakiwaandama hujaa maji nyuma ya ngoma ya sikio, na maji hayo huwafanya wasikie kama mtu aliyezama kwenye beseni. Huko nyuma ya ngoma hakuna kibanio wala pamba inayofika, na nta haihusiki. Nimewahi kuona pia mtoto aliyeletwa kwa "uchafu mgumu", kumbe ni harage alilolisokomeza mwenyewe. Nyumbani walikuwa wamemtia maji, likavimba, likawa gumu kulitoa kuliko mwanzo. Ndiyo maana nasema atazamwe kwanza, lawama baadaye, kama zitakuwepo.

Sasa tuje kwenye hiyo asali.

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita 2.5, yaani kutoka ncha ya kidole chako cha shahada hadi kiungo cha kwanza. La mtoto ni fupi zaidi. Theluthi moja ya nje ndiyo yenye vinyweleo na tezi, na tezi zenyewe ni za aina mbili: moja inatoa mafuta kama yale ya ngozi ya kichwa, nyingine ni ndugu wa tezi za jasho. Majimaji ya hizo mbili yakichanganyika na magamba ya ngozi iliyokufa na vumbi lililonaswa, ndiyo nta. Theluthi mbili za ndani hazina tezi wala kinyweleo kimoja. Hazitengenezi nta hata kidogo.

Lishike hilo, maana lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Kila tulipokuta nta imeganda karibu na ngoma ya sikio, tulijua haikuzaliwa pale. Kwa kawaida kuna aliyeisukuma. Tulikuwa tukimuuliza mgonjwa "unatumia nini kusafisha?", na hata kabla hajajibu tungeweza kukisia, kwa sababu kizibo kinatoka na umbo la kilichokishindilia: mbele kimebonyea katikati, kama ugali uliobonyezwa na kidole gumba.

Halafu kuna jambo ambalo mimi mwenyewe nilipolisikia chuoni sikuliamini. Ngozi ya ndani ya sikio inatembea. Mahali pengine mwilini ngozi hukua kwenda juu ikapukutika. Sikioni huanzia katikati ya ngoma, ikasambaa kwenda kingoni, ikashika ukuta wa tundu na kuelekea nje polepole, kwa mwendo unaokaribiana na ule wa kucha kukua. Madaktari walilijua kwa kuweka nukta za wino kwenye ngoma ya sikio na kuzifuatilia, wakaziona zikihama zenyewe. Nta hupanda juu ya ngozi hiyo kama mzigo kwenye mkokoteni, taya likisaidia kuitikisa kila tunapotafuna na kuongea, mpaka inafika mlangoni. Ile ya rangi ya asali anayoiona bibi kwenye tundu la mjukuu ni mzigo uliokwishasafiri na kukaribia kushuka. Kibanio kinaugeuza unarudi ulikotoka.

Na pamba itatoka na rangi kila Jumamosi, mdogo wangu, hata akichokonoa kila siku. Tezi haziachi kazi. Hapa ndipo ninapomwelewa mama yako: yeye haoni hadithi, anaona ushahidi mkononi mwake, pamba ya kahawia. Ukimwambia tu "mama, si vizuri", unashindana na kitu alichokishika.

Kuhusu rangi, nikuondolee aibu ya wageni. Waafrika wengi tuna nta ya majimaji, inayonata, ya manjano hadi kahawia, na ikikaa hukolea. Watu wengi wa Asia ya mashariki wana nta kavu ya kijivu inayopukutika kama pumba. Tofauti hiyo ni ya kurithi, inatokana na jeni moja, na haihusiani na nani anaoga sana. Kwa hiyo mwanao ana masikio ya asali kwa sababu ni mtoto wa huku, na nisingeshangaa kama baba yake na bibi yake wanayo hiyohiyo.

Kazi yake pia si ya kubeza, hasa mji kama wa kwenu, ambako mvua zikikawia vumbi la barabarani linaingia hadi kwenye chungu kilichofunikwa. Mafuta ya nta yanazuia maji yasiilowanishe ngozi ikalainika na kuoza. Yana asidi kidogo, na bakteria na fangasi wengi hawaipendi. Vumbi na vidudu vinanasia humo kabla havijafika ndani. Anayeikwangua yote anabaki na ngozi kavu, na ngozi kavu inawasha. Akiwashwa anachokonoa, akichokonoa anaondoa hata ile kidogo iliyobaki, inawasha zaidi. Nimewaona watu wazima, wengine wasomi tu, wenye kijiti cha pamba ndani ya gari, kingine ofisini, kingine kando ya kitanda, wanaapa masikio yao yana uchafu mwingi, na ukitazama ndani ni safi kama sahani ila mekundu na yenye mikwaruzo. Wao hawahitaji kusafishwa. Wanahitaji kuacha kwa wiki kadhaa, na kuacha huko kunawawia vigumu kama kuacha ugoro.

Nta ya kuondolewa ni ile inayoleta shida: imeziba usikivu, inauma, inapiga kelele sikioni, au inamzuia daktari kuiona ngoma. Sikio la mama yako linaelekea huko. Nta kavu iliyokaa kimya ndani hunyonya maji mtu anapoosha nywele, ikavimba, na nafasi nyembamba iliyokuwa ikipitisha sauti ikafungika ghafla. Kwa wazee hutokea zaidi, maana nta yao huwa kavu na ngumu.

Lakini usilidhani tu. Kuna kipimo kidogo unachoweza kumfanyia jioni hii. Mwambie afunge mdomo avume "mmmm" kwa sauti nzito, halafu akuonyeshe kwa mkono anausikia zaidi upande gani. Sikio lililozibwa na nta linausikia mvumo huo kwa nguvu zaidi. Jaribu mwenyewe sasa hivi, ziba sikio moja kwa kidole na uvume, utaona sauti inahamia upande ulioziba. Mama akiusikia kulia, inaendana na kizibo. Akiusikia kushoto, kwenye sikio zima, basi huenda tatizo liko kwenye neva ya kusikia. Hilo halingoji mafuta wala maji, ni hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dawa yake inafaa ikiwahi, na tangu Alhamisi siku zimeshaanza kuhesabika. Kipimo hiki ni cha kukuelekeza tu. Hata kikisema ni nta, kama amesikia kizunguzungu au kelele mpya sikioni, mwahishe.

Bomba la sindano la maji ya moto ndilo linalonitisha zaidi kwenye barua yako yote, kuliko hata kibanio. Nakumbuka baba mmoja, fundi seremala, aliyeletwa akishikwa mikono na watoto wake wawili. Walikuwa wamempigia maji ya chupa ya chai, wakayapoza "kidogo". Yale maji yalipofika ndani, chumba kilianza kuzunguka, akaanguka akatapika. Sababu ni kwamba ala ya mizani ya mwili iko jirani kabisa na hapo. Maji yakiwa ya moto au baridi kuliko mwili, yanaichanganya ikadhani mtu anazunguka. Kliniki tunatumia maji ya nyuzi 37, joto la damu, tunayapima, na hatuyaelekezi kwenye ngoma bali kwenye ukuta wa juu wa tundu ili yarudi na nta. Hata hivyo tunaanza kwa kuuliza: sikio limewahi kutoa usaha? Limewahi kufanyiwa upasuaji? Ngoma ni nzima? Maana kama ina tundu, bomba linayasukuma maji na uchafu hadi ndani ya sikio la kati.

Kwa mama yako kuna swali la nne, sukari. Sikio lililolowa na kukwaruzwa linaweza kupata maambukizi kwa yeyote, lakini kwa mzee mwenye sukari, mara chache, maambukizi hayo huzama hadi kwenye mfupa wa chini ya fuvu, na kuyatibu huchukua wiki nyingi. Ndiyo maana kliniki nyingi mtu wa namna hiyo hawampigii maji kabisa. Wanaitoa nta kwa kinyonyaji chembamba au kwa ndoano ndogo huku wanaona wanachofanya. Sikio lake likianza kuuma sana hasa usiku, au likatoa usaha, asiachwe hadi kesho.

Nyumbani kinachobaki ni kulainisha, kama haumwi, hatoki usaha, na hajawahi kuwa na tundu kwenye ngoma. Mafuta ya zeituni, yasiyopashwa motoni, ya joto la chumbani tu. Alale kwa ubavu wa kushoto, sikio la kulia juu. Umtonee matone mawili au matatu, abaki hivyo dakika tano hadi kumi, halafu ainuke na afute yanayochuruzika nje. Asubuhi na jioni, siku tatu hadi tano. Mwandae mapema kwamba siku za mwanzo sikio linaweza kuziba zaidi, kwa sababu nta inalainika na kuvimba kabla haijaanza kutoka. Usipomwambia hilo ataamini umemwongezea ugonjwa. Wengine nta hutoka yenyewe hapo. Wengine huhitaji kutolewa, ila ikiwa laini kazi huwa nyepesi na haiumi sana. Wale watakaokushauri mafuta ya vitunguu saumu yaliyokaangwa au mafuta ya taa, waage kwa heshima. Ya kwanza huunguza kwa moto, ya pili huunguza bila moto.

Sasa, chai ichemke.

Unaniuliza uongee au unyamaze. Kunyamaza na kukificha kibanio umeshakuwazia, najua, wengi tumewahi kuficha kitu cha mkwe. Hatari yake ni kwamba vibanio viko dukani na bei yake ndogo, na Jumamosi moja utakuwa umekwenda sokoni. Kumwambia mumeo amwambie mama yake kunaweza kufaa, ila kwa simu ya barabarani neno litafika limepinda, na mama atajua limetoka kwako. Kumwambia mwenyewe uso kwa uso ndiko kwa heshima zaidi, na ndiko kunakoweza kuumiza zaidi kama litatoka siku ya damu, mbele ya mtoto.

Kuna njia nyingine ninayoiona kwenye barua yako mwenyewe, wewe uipime, maana wewe ndiye unayelala nyumba moja naye. Una masikio mawili ya kupeleka kituoni, si moja. Ukienda na bibi na mjukuu pamoja, si wewe unayempeleka mama kusomewa shitaka. Ni mama anayekwenda kutibiwa, na mjukuu yupo. Mwombe mhudumu, kabla hamjaingia au kwa kumvuta pembeni, amweleze bibi kwa adabu nta inakotoka na inakokwenda. Akiwa ameketi yeye mwenyewe kwenye kiti na nta yake imetolewa kutoka ndani kabisa, atakuwa na ushahidi mwingine mkononi wa kulinganisha na ile pamba. Hatari ni kwamba mhudumu anaweza kuwa na haraka, au mkali, akamkemea mtu mzima mbele ya mkwewe. Nimeyaona, na siku hiyo mlango unafungwa kwa mwaka mzima. Wakiona inahitajika watawaandikia rufaa, na kwenu KCMC haiko mbali.

Kuhusu watoto sita wanaosikia, usibishane na mumeo. Ni kweli, masikio mengi huvumilia mengi, na huenda mama alikuwa na mkono mwepesi zaidi miaka hiyo kuliko leo. Swali la kumuuliza, kama utapata nafasi akiwa nyumbani ametulia, ni kama kati ya hao sita kuna aliyewahi kutokwa usaha sikioni utotoni. Wakati mwingine jibu huja lenyewe.

Na Jumamosi usimnyang'anye. Nadhani kile kichwa mapajani, pale uani, ni kitu wanachokipenda wote wawili, na sabuni na masikio ni kisingizio tu. Mpe kitambaa laini kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, akizungushie kidole chake, apanguse mikunjo ya sikio, nyuma ya sikio ambako jasho na vumbi hukaa kweli, na nta iliyokwishatoka nje. Kidole chake hakiwezi kuingia kwenye tundu la mtoto wa miaka minne, na kuku wapite wanavyotaka. Kibanio mrudishie, nywele zake bado zinakihitaji.